Kanzu ya Krimu Isiyotakata

Bakili alikuwa dobi wa mtaa wetu, nyuma ya soko la Kariakoo, kwa miaka kumi na minne. Katika miaka yote hiyo sidhani kama alinitolea maneno yanayojaza ukurasa mmoja wa daftari. Ukimsalimu anaitika, ukimuuliza nguo ziko tayari anakuonyesha kwa kidevu, na ukimtukana anakuangalia mpaka unajihisi mjinga. Mimi mwenyewe nilimtukana mara mbili. Ya kwanza nilikuwa na haki. Ya pili ndiyo ninayotaka kuisimulia, na aibu yake bado ninayo.

Alitoka Lindi akiwa kijana, akapanga chumba cha uani kwenye nyumba ya tatu kutoka kwangu. Uani palikuwa na bomba, makarai mawili, jiwe la kufulia na kamba nne zilizofungwa kutoka mnazi hadi ukuta wa choo. Kwenye kibaraza alikuwa na meza na pasi ya mkaa. Basi, hiyo ndiyo ofisi. Kanzu za Ijumaa za mtaa mzima zilipita kwenye mikono yake, pamoja na mashuka ya wanawake waliojifungua na sare za wauguzi.

Alikuwa na mtindo mmoja uliotusumbua. Akianika, hakubali nguo fulani zikae jirani. Utamwona anatundika shati, anarudi nyuma hatua tatu, anakunja uso, anaenda kulitoa analipeleka kamba nyingine. Na akikosa nafasi, anachomeka shuka jeupe katikati ya nguo mbili, kama mtu anayetenganisha watoto wanaopigana. Jirani yangu mmoja aliapa kwamba ile ni dawa ya kwao kusini, ya kuvuta wateja. Mimi nilisema ni kichaa kidogo tu, wala hakimdhuru mtu.

Niseme na mimi ni nani, maana ninaongea kama vile mnanijua. Naitwa Zamda, na wakati huo nilikuwa balozi wa nyumba kumi. Marehemu mume wangu alikuwa balozi kabla yangu. Alipofariki, wanachama wakasema kiti kibaki nyumbani kwake, nikakikalia. Wanandoa wakigombana walikuja kwangu, mgeni akilala mtaani niliambiwa mimi, na anayetaka barua ya kwenda ofisi ya kata aliipata kwangu. Nilikuwa na kalamu nzuri, hati nzuri, na, nikiri, nilikuwa naringa.

Sasa huo ulikuwa mwaka themanini na tatu, mwaka wa Nguvu Kazi. Aliyekuwepo anakumbuka. Serikali ilisema kila mtu mjini awe na kazi inayojulikana na kitambulisho cha kuithibitisha, na asiyekuwa nacho akapandishwe lori arudi kijijini akalime. Mgambo walikuwa wanasimama kwenye kona asubuhi asubuhi. Mwenye ofisi hakuwa na shida. Lakini dobi wa uani ana ofisi gani? Kwake yeye kila kitu kilitegemea barua ya balozi, kwamba huyu tunamfahamu, anafua, na mtaa unamtegemea. Aende nayo kata, apate kitambulisho.

Bakili alikuja kuiomba Alhamisi.

"Shikamoo, Mama Balozi."

"Marahaba. Umekuja kwa barua?"

"Ndiyo."

"Kwenu Lindi kuna shamba?"

Akafikiri. "La kaka. Kaka hanipendi."

Hayo yalikuwa maneno mengi kwa Bakili, nikajua ana hofu. Nikamwambia apite kesho, kalamu imekauka, Mrisho fundi cherehani ameahidi kuniletea nyingine. Ningejua yatakayotokea ningeandika kwa mkaa.

Maana jioni ile ile nilitembelewa na shemeji yangu Rajabu, kaka wa marehemu mume wangu. Mzee Rajabu alikuwa karani bandarini mpaka alipostaafu. Mtu wa pwani, mwenye nyumba, mwenye sauti, na mwenye kioo kikubwa kuliko vyote mtaani. Mkewe alikuwa amefariki miaka mitatu nyuma, na sasa moyo wake ulikuwa umemwangukia Bi Waridi, mjane wa nyumba inayotazamana na yangu. Alikuwa ameshonesha nguo kamili kwa ajili ya kwenda kujionyesha kwake kabla ya kutuma posa. Kwa taabu ya vitambaa ya miaka ile, kushonesha nguo kamili ilikuwa habari ya kutangazwa.

Akaingia na furushi, akalitupa juu ya mkeka wangu.

"Shemeji, yule mtu wako ni mwizi."

"Mtu wangu nani?"

"Dobi! Nimempa kanzu mpya aipitishe maji na aipige pasi, nimempa na kipande cha sabuni mkononi. Angalia alichonirudishia."

Sabuni siku hizo ilikuwa ya kupanga foleni, na kila mteja alimpelekea dobi sabuni yake. Nikafungua furushi. Nguo zilikuwa tatu. Kanzu ya rangi ya krimu, koti la kijivu chepesi, na kofia ya rangi ya mchanga iliyoshonwa vizuri sana kwa mkono.

"Ziko sawa," nikasema.

"Ngoja."

Akavaa zote, palepale, juu ya shati. Akasimama chini ya taa ya mlangoni akajinyoosha. Na mimi, Mungu anisamehe, nikashika mdomo. Kanzu ilikuwa na umanjano wa kwapa la mbeba mizigo. Koti lilikuwa limepauka. Kofia nayo ilionekana kama imeokotwa. Mzee mzima aliyenukia udi alionekana kama mtu aliyelala kwenye godoro la pamba bila shuka.

"Umeona?" akasema, na sauti ikamshuka. "Nimekwenda hivi kwa Bi Waridi. Nimekunywa kahawa. Natoka, namsikia anamwambia mpwawe, 'Mwanamume mzuri, lakini hana mtu wa kumfulia, maskini.' Maskini, shemeji! Mimi!"

Nikamhurumia kweli. Kisha akasema jambo alilojia.

"Huyo si dobi. Sabuni yangu ameila, kanzu ameichovya kwenye maji ya mashuka ya watu. Nasikia anataka barua. Ukimwandikia kwamba ni dobi, umeandika uongo kwa serikali. Na mimi nitakwenda kata kusema hivyo."

Angekwenda. Namjua. Basi nikafanya nilichokifanya: nikazifunga tena zile nguo, nikalibeba furushi mpaka kwa Bakili nikamwambia, mbele ya wapangaji wenzake, kwamba mtu anayeshindwa kutakatisha kanzu moja mpya asiniombe barua, na kama tumbo lake linataka sabuni aseme tumpikie. Hilo ndilo tusi la pili. Watu walicheka. Bakili aliniangalia. Kisha akaipokea kanzu, akaingia nayo uani.

Ijumaa alifua tangu alfajiri. Alifua mara ya kwanza kwa kipande cha sabuni yake mwenyewe, ambacho alikuwa amekificha ndani ya soksi. Akaanika, akaangalia, akakunja uso. Akafua mara ya pili. Mara ya tatu akafanya kosa ambalo dobi tu anaweza kulifanya, kwa kuwa anajua zaidi ya sisi: akatia buluu.

Ninyi vijana hamjui buluu ya kufulia. Ilikuwa kidonge kidogo cha rangi, unakifunga kwenye kitambaa, unakizungusha kwenye maji ya mwisho. Nguo nyeupe ikizeeka huwa ya manjano, na ule ubuluu kidogo unaufunika umanjano, macho yanaona nyeupe tupu. Ni ujanja mzuri kwa nguo nyeupe. Lakini kanzu ya Rajabu haikuwa nyeupe iliyozeeka. Ilizaliwa na umanjano wake, ndio uliokuwa uzuri wake. Buluu ilipoingia humo, ikauua. Kanzu ikatoka na rangi ya maji ya mchele yaliyolala.

Rajabu alipoiona ikining'inia alipiga ukelele uliowatoa watu sokoni.

Jumamosi asubuhi, basi, baraza likakaa mbele ya nyumba yangu. Mshtaki alikuwa Mzee Rajabu, mshtakiwa Bakili, na shahidi Mrisho, fundi cherehani aliyezishona zile nguo, mtu mwembamba, mwoga, aliyejileta mwenyewe kabla hajaitwa ili kusema kwamba yeye hahusiki. Wasikilizaji walikuwa kila asiyekuwa na foleni ya kupanga. Mimi nilikaa kwenye kiti na karatasi nyeupe mapajani na kalamu mpya, na nilishaamua moyoni kwamba barua haitaandikwa. Sikuwa na furaha nayo. Niliona tu kwamba shemeji ni shemeji, na kanzu chafu ni kanzu chafu.

Rajabu alisema kwa nusu saa. Akataja ukoo wake, akataja bandari, akataja heshima ya mtu aendaye kuchumbia. Alipomaliza nikamgeukia Bakili.

"Una la kusema?"

"Buluu nimekosea," akasema. "Nimeshaitoa."

Akafungua kitambaa alichoshika. Kanzu ilikuwa imerudi kwenye krimu yake. Alikuwa ameiloweka kwenye maji ya ndimu usiku kucha, akaisuuza mpaka maji yakatoka meupe, akaipiga pasi. Iliteremka mikononi mwake laini kabisa. Nikaiangalia kwa kutafuta kosa. Sikuliona.

"Ndiyo safi hiyo!" akasema mwanamke mmoja nyuma.

"Safi?" Rajabu akainyakua, akaivaa, akavaa koti, akavaa kofia. "Haya! Safi?"

Ule uchafu ulikuwa umerudi palepale, kama uliokuwa unamsubiri ndani ya koti.

"Astaghafiru," akasema Mrisho.

Nami nikashika kalamu ili niandike kwamba shauri limekwisha. Hapo Bakili akafanya kitu ambacho hakuna aliyekitarajia. Akaongea.

"Mzee wangu, vua koti."

"Nivue nguo mbele za watu?"

"Koti tu."

Nikamwambia shemeji avue, maana nilitaka jambo liishe. Akavua. Uchafu ukaondoka. Nasema ukaondoka, tuliuona ukiondoka, mtoto aliyebebwa mgongoni angeuona. Bakili akamrudishia koti. Ukarudi. Akamvua tena. Ukaondoka. Watu wakaanza kusogea.

"Uchawi," akasema Rajabu, lakini kwa sauti ndogo.

Bakili akanisogelea. "Mama Balozi, naomba karatasi."

"Hii ya barua?"

"Nitairudisha."

Akaichukua ile karatasi nyeupe, akaiweka juu ya benchi, akalaza juu yake ukingo wa kanzu, mkono wa koti, na kofia, kimoja kimoja, mbalimbali.

"Njoo uone," akasema. "Usione jina la rangi. Ona inaegemea wapi."

Nikainama. Kwenye ule weupe kanzu ilikuwa ya manjano kidogo, kama samli iliyoganda. Koti, ambalo siku zote nililiita kijivu, lilikuwa na ubuluu ndani yake, wazi kabisa. Na kofia, ile ya rangi ya mchanga, ilikuwa na wekundu, wekundu hafifu kama wa chini ya kucha. Nilikuwa na macho miaka hamsini sikuwahi kuona jambo hilo.

"Rangi za upole zina kwao," akasema Bakili. "Hii kwao manjano. Hii kwao buluu. Hii kwao nyekundu. Zimenyamaza tu, watu wanadhani ni moja. Ukiziweka jirani, kila moja inamsema mwenzake. Buluu ya koti inaisema kanzu, 'wewe una manjano.' Na manjano ya kwenye nguo, jicho linajua ni nini. Ni jasho."

"Na kofia?" nikauliza.

"Kofia inabaki katikati. Jirani na samli, wekundu wake unakuwa kama doa la chai. Zote safi. Ila zimekaa pamoja vibaya."

"Kama wakewenza," akasema mwanamke wa nyuma, na baraza zima likaangua kicheko.

Nikamuuliza ameyajuaje. Akanyoosha kidevu kuelekea kamba zake. Miaka kumi na minne, akasema, anaanika nguo za watu na kusikiliza nani analalamika. Mwanzoni alipigwa kibao na mteja kwa ajili ya shati la krimu. Aliporudi nalo kambani akaona lilikuwa limeanikwa kati ya sare mbili za kijivu. Akalihamisha, likatakata bila maji. Tangu hapo hatundiki krimu jirani na kijivu cha buluu, na akikosa nafasi anaweka shuka katikati ili macho yapumzike.

Kumbe! Na sisi tukasema dawa ya kusini.

"Sasa si ungenieleza!" akafoka Rajabu.

"Uliniletea kanzu peke yake, mzee. Koti na kofia nimeviona leo."

Hapo nikakumbuka kwamba Alhamisi nilimpelekea furushi zima, lakini kwa hasira nilimtupia kanzu tu mkononi nikaondoka na vilivyobaki. Nikaangalia chini.

Lakini Rajabu hakuwa mtu wa kushindwa nusu. "Haya, bingwa. Nguo nimeshashona. Kitambaa kingine sina, na hakuna dukani. Nivae nini kwa Bi Waridi? Kamba yako?"

Bakili akawazunguka watu waliokuwepo kwa macho, polepole, kama anachagua papai. Kisha akamwelekea Mrisho. Mrisho alikuwa amevaa kanzu nyeupe iliyotiwa buluu na koti la kahawia lililokolea, kuukuu lakini zuri.

"Vua," akasema Bakili.

"Mimi shahidi tu!" akalia Mrisho.

Akavuliwa. Koti la kahawia likapanda juu ya kanzu ya krimu ya Rajabu, na jamani, mzee akang'aa. Kanzu ile ile! Ikawa rangi ya maziwa yaliyochemka, ya mtu aliyeshiba. Bakili akaeleza kwa maneno mafupi kwamba kahawia lile nalo kwao ni manjano, ni ndugu wa krimu, ila mmoja ni mweupe sana na mwingine mweusi sana, kila mtu anawaona ni wawili. Mzee mmoja mwenye koti la mchanga wa manjano akajitolea lake nalo lijaribiwe. Bakili akalikataa.

"Hilo nalo si ndugu?" nikauliza.

"Ndugu. Lakini limekaribiana mno na kanzu. Zikikaribiana hivyo, moja inaonekana ilitaka kuwa mwenzake ikashindwa. Watasema koti limepauka."

Mwenye koti akalikumbatia akarudi nyuma, ameumia.

Lile koti la kijivu akapewa Mrisho juu ya kanzu yake nyeupe, na wote wawili, koti na fundi, wakaonekana wapya, maana weupe ule ulitiwa buluu na kijivu kile kilikuwa cha buluu. Mrisho akajigeuza geuza. Nadhani ndiyo ilikuwa mara ya kwanza watu kumtazama kwa kupenda kwao. Ikabaki kofia. Hapo baraza langu likageuka mnada. Wanaume wakavuana kofia, wakavalishana, huyu inambana, huyu inamfunika masikio. Kofia nyeupe ya mzee mwingine Bakili akaitazama kichwani kwa Rajabu, akaitoa: nyeupe kali karibu na shingo ya krimu inarudisha jasho. Mwishowe ikapatikana moja ya uzi wa pamba usiotiwa weupe, imedariziwa kwa kahawia. Ilikuwa yangu, yaani ya marehemu mume wangu. Niliitoa sandukuni mwenyewe. Sikuwahi kuitoa tangu azikwe.

Ile ya wekundu Bakili akaifunga kwenye karatasi ya gazeti. "Hii isubiri koti lenye wekundu ndani yake. Kahawia ya damu iliyokauka, hivi. Isitupwe. Haina kosa."

"Tazama kwenye jua sasa," akamwambia Rajabu. "Kwenye taa ya njano kila kitu ni kingine. Utavaa mchana, angalia mchana."

Rajabu akashuka kibarazani mpaka barabarani. Na kwa kuwa Mungu naye hupenda kucheka, mlango wa nyumba inayotutazama ukafunguka, Bi Waridi akatoka na kapu lake la kwenda Feri kutafuta samaki. Akamwona. Akasimama. Akamtazama juu mpaka chini, bila haraka.

"Mzee Rajabu," akasema, "hongera. Umepata dobi mpya?"

Shemeji yangu akaiweka sawa kofia. Angeweza kusema ndiyo, na ningemwelewa, maana ule ulikuwa uongo mdogo wenye faida kubwa.

"Ni yule yule," akasema. Na ilimuuma, nilimwona.

Nikakaa chini nikaiandika ile barua kwenye karatasi ile ile. Niliandika kwa hati yangu bora kuliko zote, na nilipomkabidhi Bakili nilimwambia mbele ya watu kwamba nilimkosea, na kwamba sabuni hakula. Akasema, "Haya, Mama." Basi.

Lakini barua ya balozi si kitambulisho. Kata wangefungua Jumatatu. Na nilimwambia shemeji: wewe ndiye uliyesema si dobi, basi utakuja nasi kata useme ni dobi. Akagoma. Nikamwambia vizuri, rudisha kofia. Akaja.

Jumatatu tukatoka watatu mapema. Rajabu mbele, amevaa krimu na kahawia yake, maana hakuivua tangu Jumamosi isipokuwa kulala. Mimi katikati. Bakili nyuma, amevaa nguo zake bora. Tulipokaribia Mnazi Mmoja, mgambo wanne walikuwa wamesimama, na lori limeegeshwa pembeni, tayari lina watu. Nilimwona mwanamke ndani yake anafunga kitambaa kichwani, taratibu, kama anayeelekea harusini.

"Wewe," mkubwa wao akamwita Bakili. "Kitambulisho."

"Anakwenda kukichukua," nikasema. "Barua hii hapa, mimi ndiye balozi wake. Ni dobi."

Yule mkubwa hakuipokea. Alikuwa anamtazama Bakili kifuani.

"Dobi? Dobi mwenye shati chafu namna hii? Bibi, usinidanganye. Mpandisheni."

Nikageuka nikamtazama Bakili kwa mara ya kwanza asubuhi ile. Shati la krimu, suruali ya kijivu, vyote vimepigwa pasi mpaka vinakata. Nguo ambazo wateja hawakurudi kuzichukua. Hakuwa na nyingine. Alijua kabisa jinsi zinavyoonekana pamoja, kuliko mtu yeyote mjini, na alizivaa kwa kuwa ndizo alizonazo. Mganga hajigangi. Mgambo mmoja akamshika mkono, na Bakili, yule mjinga asiyesema, hakusema kitu.

"Si chafu!"

Sauti hiyo ilinishtua. Ilikuwa ya Mzee Rajabu. Alininyang'anya barua mkononi, akaenda akaibandika juu ya kifua cha Bakili, karatasi nyeupe juu ya shati.

"Tazama! Usione jina la rangi, tazama inaegemea wapi! Hii manjano. Umeona doa? Liko wapi doa? Haya, tazama suruali." Akapiga magoti barabarani, mzee yule, kwenye vumbi, na kanzu yake ya kuchumbia, akaiweka karatasi kwenye suruali. "Buluu! Kwao ni mbalimbali, zinasemana! Akivua suruali hiyo shati litatakata sasa hivi. Bakili, vua suruali!"

"Asivue!" akasema mgambo, akirudi nyuma.

"Basi nusa! Nusa kola! Huyo ndiye dobi wangu, miaka kumi na minne, na kama kuna mtu anavaa nguo safi Kariakoo, kazifua huyo. Nitazame mimi. Mimi mchafu?"

Yule mkubwa akamtazama Rajabu. Akaitazama karatasi, akalitazama shati, kisha, bila kukusudia nadhani, akatazama kola yake mwenyewe. Akauchukua mkono wa mwenzake akautoa kwenye mkono wa Bakili.

"Nendeni kata," akasema. "Nendeni haraka."

Tukaenda. Mimi nilikuwa nalia, sifichi, kwa hofu iliyopita na kwa yule mwanamke wa kwenye lori ambaye hakuwa na mtu wa kupiga magoti. Kanzu ya Rajabu ilikuwa na vumbi jekundu kuanzia magotini, uchafu wa kweli sasa, hauhitaji maelezo. Alijaribu kuupangusa, ukaenea zaidi.

"Acha, mzee," Bakili akasema. "Usiisugue ikiwa kavu."

"Saa kumi natakiwa kwa Bi Waridi."

"Utaipata saa nane."

Shemeji yangu akatembea hatua kadhaa. Nilingoja amwombe radhi, na ningemsaidia maneno kama angekwama. Badala yake akatia mkono mfukoni, akatoa kipande cha sabuni kilichofungwa kwenye leso, kipya, hakijaguswa na maji, akamwekea Bakili kiganjani bila kumwangalia.

"Anza na hilo shati lako," akasema.